Feni zinazunguka, skrini nyeusi: hesabu bip kwanza kabla ya kukubali madabodi imekufa

Swali: "Fundi habari. Niko Ahero, nina saiba yangu ndogo. Nilinunua desktopu ya mitumba Nakuru, HP Compaq 8200 Elite, tukaiwasha dukani ikawa poa, nikaileta na matatu. Kufika nyumbani feni zinazunguka vizuri lakini skrini ni nyeusi. Inalia bip bip kadhaa alafu inanyamaza. Fundi wa hapa anasema madabodi imekufa na anataka elfu sita. Mume wangu anasema niirudishe Nakuru. Ina memori mbili za giga mbili mbili. Nifanye nini?"

Jibu: Dada yangu, hiyo elfu sita iweke kwanza, na nauli ya Nakuru pia iweke. Umeandika kitu kimoja hapo ambacho ni muhimu kuliko vingine vyote, nacho ni kwamba mashini inalia. Feni kuzunguka hakumaanishi mengi, feni inataka tu stima kutoka pawa saplai na itazunguka hata kama hakuna kitu kingine kinachofanya kazi ndani ya hiyo keisi. Lakini bip haiji hivi hivi. Ili madabodi ilie kwa mpangilio lazima iwe inapata stima, na ile programu ndogo iliyo ndani yake, bayosi, iwe imeamka, imeanza kukagua vitu kimoja kimoja, imefika mahali ikakwama na sasa inakuambia imekwama wapi. Kwa sababu skrini bado haijawaka haina njia nyingine ya kuongea. Madabodi iliyokufa kabisa haihesabu.

Sasa "bip kadhaa" hainisaidii, nataka namba. Na hapa HP wa aina yako wamekurahisishia kazi kwa sababu bip inaenda pamoja na taa ya pawa pale mbele. Badala ya kuwaka kawaida hiyo taa inageuka nyekundu na kuanza kuwaka na kuzima, mara moja kila sekunde, alafu inapumzika sekunde mbili, alafu inaanza tena. Bip zinalia raundi tano peke yake kisha zinanyamaza, taa ndio inaendelea mpaka uzime. Ndio maana ukaona kama imelia kidogo ikachoka. Haijachoka, angalia taa. Zima, chomoa kebo ya stima ukutani, subiri kidogo, chomeka, washa, alafu kaa hapo mbele na uhesabu raundi tatu nzima ukiandika kwa karatasi, usihesabu raundi moja ukaridhika, maana ya kwanza mara nyingi mtu huanza kuhesabu akiwa amechelewa.

Ukipata tano, bayosi inasema imeshindwa na memori kabla hata picha haijaanza. Ukipata sita ni upande wa picha, yaani grafiki kadi. Nne ni stima, pawa saplai imelemewa. Mbili ni sipiyu imepata joto mashini ikajizima, tatu ni sipiyu haionekani mahali pake. Saba ndio ile habari mbaya ya madabodi yenyewe. Mimi nikisikiliza ulivyoeleza, mashini ilikuwa inawaka dukani, ikabebwa na matatu kutoka Nakuru ikishuka Kericho hadi Ahero, kufika haina picha na inalia, pesa yangu naiweka kwa tano.

Lakini hapa kuna mtego na nadhani huyo fundi wako huenda aliingia ndani yake. Maana ya bip haifanani kwa kila mashini. Bip tano kwa HP kama yako ni memori. Bip tano kwa Dell nyingi za zamani ni betri ya saa. Bip tano kwa zile bayosi za AMI za zamani ni sipiyu. Mtu akienda kutafuta "bip tano" kwa simu akasoma orodha ya kwanza aliyoiona bila kuangalia ni ya mashini gani, atakuambia sipiyu imeungua au madabodi imekufa na atakuwa anaamini kabisa anachosema. Simsemi kama mwizi, huenda alihesabu vizuri akasoma ukurasa wa jirani.

Haya, tuseme umepata tano. Kwa nini memori isumbue kwa sababu ya matatu? Kile kipande cha memori kimesimama kwa sloti na kinashikana na madabodi kwa meno membamba ya rangi ya dhahabu, kwa DDR3 kama zako ni 240, na kila moja lazima iguse kapini kake. Mashini ya mitumba imekaa miaka mahali pengine, imeingia vumbi, imepata unyevu, hayo meno yanafanya kautando kembamba hata huwezi kukaona. Ikiwa imetulia inaweza kufanya kazi hivyo hivyo kwa miaka. Siku ikitingishwa barabarani saa kadhaa, kipande kinasogea kidogo sana, sehemu iliyokuwa inagusa inaachana, na sasa inayogusa ni ile yenye utando. Hakuna kitu kilichoharibika, mgusano tu ndio umekosekana. Na huko kwenu kuna unyevu wa ziwa na mpunga, sio kama Nakuru ambako shida ni vumbi zaidi, kwa hivyo hata ukiirekebisha leo usishangae ikirudia baada ya miezi.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa kebo ya stima kutoka nyuma ya keisi, sio kuzima kwa swichi ya ukutani peke yake. Mashini ikiwa imechomekwa hata kama imezimwa, kuna volti tano zinazobaki zikipita kwa madabodi zikingoja ubonyeze kitufe, na ukitoa memori zikiwa hapo unaweza kuua kitu ambacho kilikuwa kizima. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha pawa na ukishikilie sekunde kama kumi na tano hivi, stima iliyobaki iishe. Laza keisi kwa meza, fungua kifuniko, na kama ni ile keisi ndogo ya kulala utakuta kile kibebeo cha draivu kimefunika memori, kinainuka kwa bawaba, usikilazimishe. Kabla ya kugusa chochote ndani shika chuma cha keisi kidogo, na uendelee kukigusa mara kwa mara ukifanya kazi. Usifanyie kazi kwa zulia wala kwa kitanda chenye blanketi la nailoni.

Utaona sloti nne za memori, na moja wapo ni nyeusi. Hiyo nyeusi ikumbuke, imeandikwa DIMM1 kando yake, na mashini yako haiwaki kama hiyo haina kitu, hata kama zingine zote zimejaa. Kabla hujatoa chochote piga picha na simu ujue nini kilikuwa wapi. Alafu sukuma zile klipu mbili za mwisho kwenda nje, kipande kitainuka chenyewe, kivute juu moja kwa moja kwa kushika kingo, vidole visiguse meno.

Toa zote mbili.

Alafu, kabla ya kusafisha chochote, fanya kitu ambacho mafundi wengi wanaruka na ndicho kitamaliza ubishi wenu na huyo fundi. Acha sloti zote zikiwa tupu, rudisha stima, washa. Ndio, washa bila memori kabisa, haiharibu kitu. Hesabu taa nyekundu. Mashini nzima inayokosa memori lazima ilalamike tano. Ikilalamika tano, basi madabodi inapata stima, sipiyu iko na inaonekana, bayosi inafanya kazi, na hiyo hadithi ya madabodi kufa kabisa imeisha hapo hapo mbele yako. Sio kwamba madabodi imepewa cheti cha afya, sloti moja inaweza kuwa na shida na nitafika hapo, lakini haijakufa. Ikikaa kimya kabisa bila memori, hakuna taa nyekundu hakuna bip, hapo nitabadilisha maneno yangu, shida iko kabla ya memori na kusafisha hakutasaidia. Kitu cha kwanza kuangalia hapo ni kaplagi ka nyaya nne kanakoingia karibu na sipiyu, hako kakilegea feni zinazunguka kama kawaida na sipiyu haipati kitu.

Kwa hivyo tuseme imelalamika tano. Zima, chomoa tena, bonyeza kitufe tena. Chukua kipande kimoja, kilaze kwa kitambaa kikavu cha pamba, na usugue yale meno na raba ya penseli, ile laini nyeupe, sio ile ya bluu ya kufuta wino maana hiyo ni kama msasa na dhahabu yenyewe ni nyembamba mno. Sugua taratibu kwenda upande wa nje, pande zote mbili, ukiwa mbali na keisi ili makombo ya raba yasiingie ndani. Ukiangalia kwa karibu kwa mwanga utaona meno yaliyokuwa na ukungu yanaanza kung'aa sawa sawa. Pangusa na kitambaa chenye alkoholi ya aisopropili kama unayo, ngoja ikauke. Ile spiriti ya vidonda ya duka la dawa mara nyingi ina maji mengi ndani, ukiitumia usiwe na haraka ya kurudisha.

Sloti yenyewe usiingize kitu. Hakuna kijiti cha meno, hakuna wembe, hakuna karatasi iliyokunjwa. Brashi laini kavu na upepo kidogo inatosha, na tafadhali usipeleke mashini kwa watu wa kuweka upepo magurudumu, ule upepo una maji na mafuta, utatoka huko na shida mbili.

Sasa rudisha kipande kimoja peke yake kwa ile sloti nyeusi. Kuna kapengo kati ya meno ambako hakako katikati kabisa, kanalingana na kamwinuko ndani ya sloti, kwa hivyo kikikataa kuingia kigeuze, usitumie nguvu. Kikikaa sawa weka dole gumba moja kila mwisho na ubonyeze chini kwa nguvu sawa mpaka klipu zirudi zenyewe na usikie zimefunga. Watu wengi wanaogopa hapa. Wanabonyeza kidogo alafu wanafunga klipu kwa mkono, upande mmoja umeingia mwingine umebaki juu kidogo, ukiangalia kwa haraka inaonekana iko sawa na bip zinaendelea na mtu anaanza kuamini memori imekufa. Inama uangalie usawa wa macho, ule mstari wa meno unatakiwa upotee ndani ya sloti wote, sawa kutoka mwisho hadi mwisho.

Washa. Ikileta picha, kuna uwezekano mkubwa itakuandikia `164-MemorySize Error`, usishtuke, inasema tu kiasi cha memori kimebadilika tangu mara ya mwisho. Ilikuwa inajua giga nne na sasa inaona mbili. Bonyeza `F1` kama inavyokuambia iendelee.

Ikilia tano tena, toa hicho, safisha cha pili, weka hapo hapo kwa nyeusi. Hii ndio sehemu inahitaji utulivu. Kimoja kikiwasha na kingine kikalia tano kwa sloti ile ile, umemjua mgonjwa, ni kile kipande, mashini iko sawa na utaendelea na giga mbili mpaka upate kingine cha DDR3. Vyote viwili vikiwasha kwa nyeusi kimoja kimoja, acha kimoja hapo na urudishe cha pili kwa ile sloti ya kwenye picha uliyopiga, na kama sasa inalia basi ni hiyo sloti ya pili, jaribu iliyo kando yake.

Na vyote viwili vikilia tano? Hapo peke yako huwezi kujua, kwa sababu inaweza kuwa memori zote mbili mbovu, ambayo si kawaida kutokea kwa siku moja, au hiyo sloti nyeusi yenyewe, na mashini yako haikubali kujaribu bila hiyo nyeusi. Lazima uazime kipande kimoja cha DDR3 kutoka kwa mashini nyingine inayowaka, ile ya desktopu sio ya laptopu, na sio ya seva. DDR2 na DDR4 haziingii hata, pengo liko mahali tofauti, ukiona unalazimisha jua sio yake. Ukiweka hicho kizima na bado ni tano, uliza kwa upole kama kuna mtu ametoa sipiyu hapo Ahero au kule dukani. Kwa hizi mashini pini haziko kwa sipiyu, ziko chini kwa soketi, nyembamba kama nywele, na zile zinazopeleka memori zikipinda mbili tatu tu, sloti za upande huo zinakuwa kama hazipo na sipiyu inaendelea kuonekana nzima. Hapo sasa ndio naanza kukubali neno madabodi, na hapo irudishe Nakuru kabla ya mtu mwingine kuifungua.

Kuna hali nyingine sitaki ikupite. Unasafisha, unarudisha, taa nyekundu inaisha, hakuna bip tena, na skrini bado nyeusi. Watu huvunjika moyo hapo na kurudi kusugua memori. Usirudi, memori imeshapita. Bonyeza `Caps Lock` kwa kibodi mara kadhaa, taa yake ndogo ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashini iko hai kabisa na imeendelea mbele, picha tu ndio haifiki kwako. Angalia monita imechagua mlango gani, ile kebo ya bluu imekaza, na kama mashini ina grafiki kadi ya kuchomekwa basi kebo iende kwa hiyo kadi, sio kwa tundu lililo juu kwa madabodi, maana kadi ikiwepo lile la madabodi mara nyingi linazimwa.

Kwa saiba najua utakuwa na mashini zingine, kwa hivyo niongeze kidogo. Dell nyingi za rika hilo, bip mbili ni hakuna memori inayoonekana, bip nne ni memori ipo lakini imeshindwa kusomwa au kuandikwa, na tofauti hiyo ni nzuri kwa sababu mbili unaanza na kusafisha na nne unaanza kushuku kipande chenyewe. Zenye bayosi ya Award hulia mlio mrefu unaorudia rudia bila kuisha ikiwa ni memori, na mrefu mmoja na mfupi mbili ikiwa ni picha. Zile mashini za kuunganishwa dukani mara nyingi zinakaa kimya kabisa na mtu anafikiri hazina shida ya memori, kumbe hazina spika ya kulilia. Kuna kaspika kadogo ka pini nne kanachomekwa mahali pameandikwa SPEAKER au SPK kwa madabodi, kanauzwa bei ya soda, kila mtu mwenye mashini zaidi ya tatu awe nako kwa droo. Madabodi mpya zaidi zina vitaa vinne vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, kinachobaki kikiwaka ndicho kimekwama.

Ikishawaka usianze kuwakodishia watu siku hiyo hiyo. Mgusano uliorudi nusu unaweza kuwasha mashini na kuifanya izime ghafla mtu akiwa katikati ya kujaza fomu. Ukiingia Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika hii, alafu ukubali iwashe upya:

```
mdsched.exe
```

Itakagua memori yenyewe kabla ya Windows kufunguka, inachukua muda, iache ifanye hadi mwisho. Ukitaka ukaguzi mkali zaidi weka Memtest86+ kwa flashi na uiache usiku, stima ikikubali. Hapo hakuna alama ya kupita kidogo, kosa moja tu ni kosa, toa kipande kimoja ukague kingine.

Na ukiwa bado hujafunga kifuniko, badilisha ile betri ya mviringo ya CR2032. Ya mitumba mara nyingi imeisha, utajua ukiona `163-Time & Date Not Set` kila ukiwasha baada ya stima kupotea. Tarehe ikirudi nyuma miaka, kurasa za eCitizen na za KRA zitakataa kufunguka zikisema si salama, na wateja wako watakuambia intaneti yako ni mbovu.